Pango limejaa, Mtoto haonekani

"Shikamoo mama. Naongoza kamati ya mapambo parokiani kwetu. Pango la Krismasi tumelimaliza jana, lina upana wa mita tatu, liko kushoto mwa altare. Kila jumuiya ilileta kitu na vyote tumeviweka. Watu wanasema limependeza, lakini mimi nikikaa benchini macho yanazunguka tu, hayatulii, na hori siioni mpaka niitafute. Nimeongeza taa juu ya hori, bado. Mkesha ni keshokutwa. Nipunguze nini bila kuliharibu, na bila kugombana na watu? Picha hii hapa."

Marahaba. Picha yako niliifungua kwenye simu, nikanyoosha mkono ili iwe mbali nami, nikafumba macho, nikayafumbua ghafla. Kitu cha kwanza kuniingia machoni kilikuwa bango la "Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya". Cha pili, mti wa kulia wenye zile kamba za manyoya yanayong'aa. Cha tatu, samahani, yule twiga. Hori niliifikia baada ya kupita kwa malaika, kwa Mamajusi na kwenye maputo. Kwa hiyo macho yako hayakudanganyi. Na usiwalaumu wanaosema limependeza. Wanachosifia ni kazi, na kazi imefanyika kweli.

Tuanze na ile taa uliyoongeza, maana hapo ndipo wengi tunapokosea. Jicho halipimi mwanga kwa wingi wake, linapima tofauti. Mshumaa mmoja kwenye chumba chenye giza unauona toka uwanjani. Mshumaa huohuo ukiuwasha nje saa sita mchana, hata hujui kama umewaka. Hori yako ina taa moja iliyotulia, na kuizunguka naona nyuzi tatu za taa za rangi zinazowaka na kuzimika. Ukiongeza taa ya pili juu ya hori, au ya tatu, umeongeza mwanga pangoni lakini tofauti imebaki palepale. Tena zile za kuwaka na kuzimika zina nguvu kuliko nyingine zote, kwa sababu jicho la mtu haliwezi kupuuza kitu kinachocheza. Ndivyo tulivyoumbwa. Kinachotikisika majanini huenda ni nyoka, kwa hiyo unageuka kwanza, unafikiri baadaye. Sanamu ya mtoto aliyelala haiwezi kushindana na hilo hata uimulike vipi.

Baada ya kitu kinachocheza, kinachovuta ni maandishi. Mtu aliyesoma hawezi kuona neno akaacha kulisoma, hata kama alilisoma jana na juzi. Kisha kinachong'aa, kisha rangi kali kama nyekundu, kisha kitu ambacho kimo chake kinapingana na jirani zake. Twiga wa plastiki aliyempita Mtakatifu Yosefu kwa urefu atatazamwa tu, si kwa uzuri wake, bali kwa sababu akili inajaribu kumwelewa.

Sasa iangalie hori. Ni kitu kifupi kuliko vyote, kidogo, kina rangi ya majani makavu, na kimewekwa chini. Hakina silaha hata moja kati ya hizo nilizotaja. Kina njia mbili tu za kuonekana: nafasi tupu ya kukizunguka, na vitu vingine vinavyokielekea. Zote mbili kwako zimeshapotea. Naona maua ya plastiki yamegusa miguu ya hori pande zote, na Bikira Maria amegeuzwa kuwatazama waumini, kama anayepigwa picha.

Jambo jingine nililoliona ni la mizani, na nadhani ndilo lililokuletea vitu vingi hivyo. Mti ulipowekwa kulia, kushoto kukaonekana kwepesi, mkaongeza Mamajusi na ngamia. Kulia nako kukaonekana kumepungukiwa, likaja bango. Kushoto tena, maputo. Mmekuwa mkisawazisha kama anayekata miguu ya meza inayoyumba, ila ninyi mnaongeza badala ya kukata. Matokeo yake ncha zote mbili ni nzito, na katikati, alipo mwenye sikukuu, pamelegea.

Kusawazisha si kufananisha kushoto na kulia. Fikiria bembea ya ubao. Baba akikaa karibu na katikati na mwanawe akikaa mwisho kabisa wa upande wa pili, ubao unatulia. Katika pango, ng'ombe mkubwa wa kahawia aliyelala karibu na hori anaweza kusawazishwa na mchungaji mmoja mdogo aliyesimama mbali upande wa pili. Sehemu tupu kati ya mchungaji huyo na hori nayo ina kazi yake: ndiyo njia aliyokuja nayo.

(Mara nyingi nikiambiwa kwamba pango lenye vitu vichache ni la kimaskini, huwa nawakumbusha Greccio, kijiji cha Italia. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipoandaa Krismasi pale mwaka 1223, kulikuwa na hori, majani makavu, ng'ombe na punda. Sanamu hazikuwepo kabisa. Na Injili ya Luka yenyewe haimtaji hata huyo ng'ombe wala punda. Wamo kwa sababu Isaya 1:3 inawataja pamoja na hori.)

Haya, kazi. Leo usiguse kitu. Ukimaliza kupamba, macho yako yamezoea umbali wa mkono mmoja, na kila kitu unakiona kwa jina la aliyekileta na saa uliyokifunga waya. Huwezi kulihukumu pango katika hali hiyo. Piga picha kadhaa za pango zima, nenda nyumbani, lala. Kesho rudi saa ileile ya Misa ya mkesha, yaani usiku, na uwashe taa za kanisa kama zitakavyokuwa siku hiyo. Pango linalohukumiwa saa nne asubuhi kwa mwanga wa dirishani ni pango jingine kabisa.

Kabla ya kuangalia, weka ndani ya hori kitambaa cheupe kilichokunjwa kwa ukubwa wa sanamu ya Mtoto. Hili watu wanalisahau kila mwaka. Mtoto analazwa usiku wa mkesha, kwa hiyo kamati inasawazisha pango lenye hori tupu, na akishalazwa kila kitu kinabadilika, kwa sababu ameingia mtu mweupe katikati.

Sasa toka nje, uingie kwa mlango mkubwa kama muumini. Simama mlangoni. Kope zikaribie kugusana, kama unavyofanya jua likikuchoma. Mambo madogo yatapotea, yatabaki mabonge ya mwanga na ya giza. Jiulize moja tu: bonge lenye nguvu kuliko yote liko wapi? Kama si kwenye hori, unajua pa kuanzia. Halafu kaa kwenye benchi la katikati ya kanisa. Hapo ndipo pa kuangalia mizani, yaani kama kuna upande unaokuvuta shingo. Ukiwa na shaka, piga picha, uigeuze kwenye simu kushoto kuwa kulia. Macho yaliyozoea pango yatashtuka, na upande uliozidi utajitaja wenyewe. Picha hiyohiyo ukiiweka nyeusi na nyeupe itakuonyesha kama rangi zilikuwa zinakudanganya. Mwisho piga magoti mbele ya pango, chini, urefu wa mtoto wa miaka sita. Watoto wa Utoto Mtakatifu ndio watakaolikaribia kuliko wote, na kutoka hapo utaona waya, gundi na matofali yaliyojificha.

Kuondoa nako kuna adabu yake: kimoja kimoja. Ondoa kitu, tembea mpaka kwenye benchi lako, geuka, hesabu polepole hadi kumi, kisha amua. Ukiondoa vitatu kwa mkupuo, pango likibadilika hutajua ni kipi kilichofanya kazi, na likiharibika hutajua cha kurudisha. Kwa pango la mita tatu ni kazi ya saa moja na nusu hivi, nyingi ya kutembea. Msaidizi mmoja anatosha: yeye abaki pangoni, wewe ubaki benchini. Kamati nzima isije.

Kwa picha uliyonitumia, mimi ningekwenda hivi. Kwanza ningezima zile nyuzi tatu za taa, bila kuzitoa. Nahisi hapo tu utapata nusu ya unachotafuta. Kama kitufe chake kina hali ya kuwaka bila kumetameta, rudisha uzi mmoja tu, wa rangi moja iliyo karibu na ya mshumaa, na uupitishe nyuma ya miamba ili uonekane mwanga wake, si balbu zenyewe. Pili, bango. Liende nje juu ya mlango, ambako watu wanasalimiana na salamu hiyo ina maana. Tatu, zile kamba za manyoya kwenye mti. Mti wenyewe usiutoe kwanza. Uuache na majani yake, kisha rudi benchini. Mti wa kijani usiong'aa unageuka kuwa kivuli kizuri pembeni, na kivuli hakidai kitu.

Nne, maputo na twiga. Nafahamu twiga kaletwa na mtoto, nitarudi kwake. Tano, ile pamba iliyotandazwa kama theluji. Kwa macho, weupe wake unashindana na kitambaa cheupe cha hori. Kwa usalama, pamba karibu na balbu ni hatari, na hii sikupi hiari. Sita, maua ya plastiki yaliyoizunguka hori. Usiyaondoe yote. Ondoa yaliyo mbele na ya pembeni, mpaka kuwe na shubiri mbili za ardhi tupu kuizunguka, majani makavu tu.

Hapo simama. Kabla ya kuondoa kitu cha saba, geuza. Mgeuze Bikira Maria aelekee kwenye hori, Yosefu vilevile, wachungaji pia, hata ng'ombe kama kichwa chake kinaruhusu. Mtu akiona watu watano wanatazama mahali pamoja, naye anatazama. Wewe mwenyewe umewahi kusimama barabarani ukaangalia juu kwa sababu wengine walikuwa wanaangalia juu. Waumini wataona ubavu wa sura ya Maria badala ya sura nzima, na kuna mama mmoja atalalamika. Mwache alalamike mpaka usiku wa mkesha.

Mamajusi ndio suala tamu zaidi. Kuna parokia nyingi zinazowaweka mbali, dirishani au kwenye ngazi ya pembeni, wakiwa bado safarini, na kuwafikisha pangoni kwenye Epifania. Ukifanya hivyo unapunguza sanamu tatu na ngamia bila kumwudhi mtu, maana Maandiko yako upande wako: kwa Mathayo, wao wanaingia nyumbani, na baadaye. Kushoto kwako kutapumua. Lakini angalia: wakiondoka, mti wa kulia utazidi uzito. Usikimbilie kuongeza kitu kushoto. Usogeze mti nyuma kama nusu mita na uupeleke zaidi gizani, au msogeze ng'ombe kushoto kwa hori. Kusogeza ni ndugu wa kuondoa, na mara nyingi kunatosha.

Utajuaje umezidisha? Kuna dalili mbili. Ya kwanza ni tundu: umeondoa kitu, ukikaa benchini macho yanakwenda pale kilipokuwa, si kwenye hori. Nafasi tupu inayokutuliza na tundu linalokuvuta ni vitu viwili. Tundu hutokea pale ulipovunja mstari, kwa mfano miamba iliyokuwa inashuka toka juu hadi chini ikakatika katikati. Rudisha kitu kilekile, au sogeza jirani zake wawili wakaribiane. Ya pili ni sanamu kuanza kuonekana kama abiria wanaosubiri daladala: wamesimama sawasawa, kila mtu na lake, hakuna kinachowaunganisha. Hapo umeondoa hata vile vilivyokuwa vinawashika pamoja, yaani nyasi, mawe madogo, majani ya mgomba nyuma yao. Niliwahi kulifanya kosa hili mwenyewe, miaka yangu ya mwanzo. Niliondoa mgomba mkavu uliokuwa nyuma ya Yosefu nikiuona uchafu, na Yosefu, aliyevaa kanzu ya kahawia, akapotea kwenye ukuta wa kahawia. Ule mgomba uliopauka ndio uliokuwa unamwonyesha. Niliurudisha usiku wa saa nne, kwa tochi.

Kwa hiyo usitupe kitu mpaka Misa ya mkesha ipite. Weka kila ulichoondoa kwenye mkeka mmoja sakristia, kwa mpangilio ulioondolea.

Sasa watu. Hapa nitakuwa mkweli kwako: unaweza kupata pango zuri na ukapoteza jumuiya mbili. Kila kilichopo pale kina mwenyewe, na mwenyewe atakuja mkesha kukitafuta kabla ya kumtafuta Mtoto. Usiondoe kimyakimya. Mweleze kwanza paroko, kisha mwenyekiti wa halmashauri ya walei, na uwe na mahali pa kila kitu kabla hujafungua mdomo. Taa za kumetameta zinapendeza sana kwenye mti wa uwanjani, mradi ziwe za kutumika nje. Kama pale nje mna mkrismasi uliochanua mwekundu, sijui unatafuta nini zaidi. Maputo yaende chumba cha mafundisho ya watoto. Maua ya plastiki yapambe meza ya matoleo ya pango, ambako mtu anayakaribia na kuyaona moja moja. Anayeambiwa "kitu chenu tumekipeleka mlangoni" anasikia vingine na anayeambiwa "kitu chenu tumekitoa".

Na twiga? Twiga abaki. Mlaze, yaani mweke nyuma kabisa, chini ya mti, kwenye kivuli, shingo ikipita katikati ya majani. Mtoto aliyemleta atamtafuta na atampata, na wengine wote hawatamwona. Vitu vya namna hii viwili vitatu kila pango linavibeba bila shida, ilimradi viwe gizani, chini, na visiwe mbele ya hori.

Ukiniuliza kama ni bora kuvunja yote na kuanza upya, nitasema hapana, si kwa siku mbili. Ukianza upya utachoka, na mtu aliyechoka hujaza. Na kuliacha kama lilivyo? Inawezekana pia, kama paroko ataona amani ya jumuiya mwaka huu ina thamani zaidi. Katika hali hiyo fanya mawili tu, nayo hayana ugomvi: zima kumetameta, na geuza sanamu. Utashangaa yanavyofika mbali.

Kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kukusaidia. Katika picha, kona ya chini kulia, naona ekstensheni imechomekwa kwenye ekstensheni nyingine, juu yake kuna majani makavu, na pembeni pampu ya ile chemchemi. Kabla hujashika taa yoyote, mwite fundi umeme aje alione pango kwa macho yake. Ukigusa plagi ukakuta ina joto, au ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, zima kwenye swichi kubwa kwanza, fundi baadaye. Balbu za zamani zenye waya ndani hupata joto la kutosha kuanza kuunguza nyasi. Zikiwa ni hizo, zitoke hata kama ndizo nzuri kuliko zote. Vilevile kama miamba yenu ni karatasi za mifuko ya saruji zilizopakwa rangi juu ya fremu ya mbao, msiitikise mnapotoa vitu vya juu. Malaika atoke akishikwa na watu wawili, mmoja juu ya ngazi, mmoja chini. Na kama baada ya kuondoa yote hayo bado ukikaa benchini shingo inakwenda kulia, mtafute mtu aliyezoea kupamba makanisa hapo dekaniani, akae dakika kumi kwenye benchi lako. Usimwambie tatizo. Mwulize tu ameona nini kwanza.

Mtoto akishalazwa na Misa ikaisha, rudi mlangoni mara moja zaidi kabla taa hazijazimwa, ufumbe kope nusu. Kama sanamu yake ni kubwa kuliko kitambaa ulichokunja, huenda ukahitaji kumrudisha nyuma mchungaji wa mbele hatua moja. Na Mamajusi watakapofika kwenye Epifania, usiwasukumize katikati ya waliopo. Toa kondoo wawili wa mbele na lile jagi la chemchemi, uwape wageni njia.